Tanbihi Arobaini na Moja

Watu wanadhani kazi ya kutafsiri tasnifu ni tumbo lake. Wanakuja na kurasa mia na sitini za Kiingereza, wanataka mia na sitini za Kiindonesia, na wakifika kwenye orodha ya marejeo wanasema, "Hiyo ya mwisho nakili tu, Mbak," yaani dada, "haina maneno." Haina maneno! Miaka kumi na tisa niko kwenye kibanda cha kunakili na kujalidi nyuma ya chuo hapa Yogya, na nawaambia, tumbo halijawahi kunitoa jasho. Kinachonitoa jasho ni mkia.

Danar Wicaksana naye alikuja na kauli hiyohiyo. Mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, shati limenyooshwa, viatu havijui vumbi la mtaa wetu. Alikuwa amesoma shahada ya uzamili Ulaya kwa ufadhili wa wilaya ya Klaten, akaandika tasnifu kuhusu wanawake waliochambua tumbaku katika maghala ya zamani ya wilaya hiyo. Sasa wilaya ilitaka tasnifu hiyo kwa Kiindonesia, iwekwe maktabani na ichapwe kitabu. Na mwenyewe alikuwa anaomba kazi ya uhadhiri katika chuo kimoja, na jopo la kumsaili lilikuwa limeshamwambia kwamba litasoma kitabu hicho.

"Marejeo yanabadilishwa kidogo tu," alisema. "Kule nilitumia tanbihi chini ya ukurasa. Wilaya wanataka mtindo wa jina na mwaka, ndani ya mabano, halafu orodha nyuma."

"Kidogo tu?"

"Si kompyuta inafanya, Mbak Palupi?"

Pak Wignyo, mwenye kibanda, alikuwa anakata karatasi kwa lile panga lake kubwa. Alisema bila kuinua kichwa, akimwita kaka kwa lugha ya huku, "Inafanya, Mas. Inafanya makosa."

Danar akacheka, nami nikacheka, na kazi nikaipokea.

Niseme kazi yenyewe ilivyo, maana bila hivyo hutajua nilifanya nini. Kitabu cha Kiingereza kikitajwa kwenye orodha, jina lake halitafsiriwi. Anayekitafuta maktabani atakitafuta kwa jina kilichotoka nalo. Ila vyote vinavyolizunguka jina hilo vinahama lugha: "mhariri", "ukurasa", "bila mwaka", "na wenzake", majina ya miezi, hadi ile alama ya "na" kati ya waandishi wawili. Halafu kuna vyanzo vilivyoandikwa kwa Kiindonesia tangu mwanzo, ambavyo mwenye tasnifu alivigeuza Kiingereza ili maprofesa wake wavielewe. Hivyo lazima virudi kwenye majina yao ya kuzaliwa, na huwezi kubuni, lazima uvitafute. Na maneno yaliyonukuliwa ni vivyo hivyo. Mtu alisema kwa lugha yetu, akageuzwa Kiingereza. Nikimgeuza tena kwa akili yangu nitakuwa nimemtia mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Nahitaji maneno yake mwenyewe.

Halafu kuna ibid. Hiki ni kijineno cha Kilatini cha watu wavivu, maana yake palepale: chanzo ni kilekile cha tanbihi ya juu yake. Ukiandika tanbihi kumi za mtu mmoja, jina lake linatokea mara moja, tisa zilizobaki ni palepale, palepale. Katika mtindo wa mabano kijineno hicho hakina pa kukaa. Kila kimoja unakifungua na kuandika waziwazi nani, mwaka gani, ukurasa gani.

Sura ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Sura ya tatu, ambayo ndiyo moyo wa tasnifu, inaanzia tanbihi ya themanini na nane. Pale aliandika: Ngatinah, mswada wa taipu, bila tarehe, uko mikononi mwa mwandishi wake, Klaten. Tanbihi ya themanini na tisa ikawa ibid na namba ya ukurasa. Tisini, ibid. Nikateremka, nikateremka, hadi mia na ishirini na nane. Arobaini na moja kwa jumla: jina mara moja, palepale mara arobaini. Hapakuwa na chanzo kingine katika sura nzima.

Nilianza kufungua. Kufika jioni ya siku ile kila aya ya sura ya tatu ilikuwa imebeba jina moja ndani ya mabano: Ngatinah, Ngatinah, Ngatinah. Kule Ulaya macho ya msomaji yaliteleza juu ya palepale zile bila kukwama. Kwa Kiindonesia hapakuwa na pa kuteleza.

Hata programu ya marejeo ilimgomea. Inataka jina la ukoo, na watu wengi wa huku hatuna, bibi wa Klaten ndiyo kabisa, jina lake ni moja tu. Nilipomwingiza ikamwandika mara mbili, Ngatinah, Ngatinah.

"Kapata mume," alisema Pak Wignyo, akichungulia kioo.

"Kapata mume mwenye jina lake mwenyewe. Afadhali kuliko wengi."

Nilirekebisha kwa mkono. Kisha nikampigia Danar, nikamwambia nahitaji ule mswada ili nirudishe maneno ya asili. Akasema aliupiga picha kwa simu, na simu ile iliibiwa.

"Wewe tafsiri tu, Mbak. Nani atajua?"

"Bibi mwenyewe atajua."

Mwishowe akanipa anwani. "Ila usimchoshe. Mzee yule akianza kuzungumza hamalizi."

Jumamosi asubuhi nilipanda treni hadi Klaten, nikachukua pikipiki mpaka kijijini. Mbah Ngatinah, ndivyo tunavyowaita mabibi huku, nilimkuta barazani anagonga mbegu za melinjo juu ya jiwe, moja baada ya moja, ziwe bapa za kukaangwa, ndiyo emping. Ana miaka themanini na moja, na nyundo yake haikukosea kidole hata mara moja muda wote niliokaa pale.

"Umetumwa na Danar?" aliuliza. "Yule aliyenimalizia emping miezi mitatu, akaondoka akasema nitarudi wiki ijayo? Ilikuwa miaka mitano iliyopita."

"Hajarudi, Mbah?"

"Labda wiki za Ulaya ni ndefu."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mbolea uliofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na kurasa mia na arobaini na mbili zilizopigwa kwa taipureta, herufi ya "e" imejaa wino kila mahali. Alikuwa mchambuzi wa majani tangu ana miaka kumi na tano, kisha akawa karani wa chumba cha kuchambulia, kwa sababu alijua kusoma. Ghala lilipofungwa aliwatafuta wenzake nyumba kwa nyumba, wanawake ishirini na sita, akawauliza, akaandika. Mashine ilikuwa ya ofisi ya kijiji. Alisubiri makarani waondoke saa nane mchana, akapiga herufi kwa vidole viwili mpaka mwanga ulipokwisha. Ilimchukua miaka mitatu.

Nilikaa barazani na tasnifu ya Danar pajani, nikawa natafuta ukurasa kwa ukurasa. Yale mapalepale yalikuwa na namba, na namba zilikuwa sahihi, nampa haki yake. Lakini nilipoona maneno yenyewe nilishikwa na hasira. Danar aliandika kwamba wafanyakazi waliokuwa na matatizo ya kupumua walihamishiwa sehemu nyingine wakati wa ziara za wanunuzi. Mbah aliandika hivi: "Wanunuzi wa kigeni wakija, sisi tunaokohoa tulifungiwa chumba cha nyuma. Tulikohoa ndani ya vitambaa vya kichwa. Wagiyah alikohoa ndani ya mbeleko ya mtoto wake." Nikanakili neno kwa neno. Nilinakili hivyo hadi adhuhuri, na sikumbuki siku nyingine kazi hii ilinipa furaha kama ile.

"Na mwaka, Mbah? Danar kaandika hauna tarehe."

"Hauna tarehe? Hakufika mwisho basi."

Akafunua ukurasa wa mwisho. Tarehe kumi na saba Novemba, mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita. Hata kichwa Danar alikuwa hakukitaja, alisema tu ni mswada. Kilikuwepo, ukurasa wa kwanza, kimepigiwa mistari miwili: *Kami yang di Gudang*, yaani sisi tuliokuwa ghalani.

Nilikuwa nimechapa rasimu ya orodha ya marejeo ili nijaze mapengo. Nikatoa kalamu, nikakata "bila mwaka", nikaandika mwaka na kichwa, nikampa asome. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti kama watoto wa shule wasomavyo: "Ngatinah. Elfu moja mia tisa tisini na sita. *Kami yang di Gudang*. Mswada usiochapishwa."

Akasoma tena. Kisha akauliza, "Na hawa majirani zangu ni nani? Huyu wa juu, Mulyono?"

"Profesa wa uchumi."

"Na wa chini, Prawirodirja?"

"Aliandika historia ya mashamba. Alikuwa mtu wa cheo."

"Sasa nimekaa kati yao." Alicheka mpaka miwani ikamteremka. "Danar alituma picha ya ile ya Kiingereza kwenye simu ya mkuu wa kijiji, tukazungumza. Niliona Ngatinah, mengine sikujua yananisema au yananisengenya. Akaniambia, Mbah, hapa nyuma ndipo wanapotajwa walioandika. Nikamwambia, siku ikitoka kwa lugha yangu ndiyo nitaamini."

"Itatoka, Mbah."

"Kijijini hapa kazi yangu hii wanaiita taipu ya Ngatinah. Mwanangu alitaka kuiwashia jiko. Mimi niliwaambia wale ishirini na sita, maneno yenu mtu ataenda kuyatafuta, atajua pa kuyapata. Wamebaki watatu, mwanangu. Sitaki kuwa mwongo."

Nikamwachia ile karatasi. Nilikuwa na nakala kwenye kompyuta, na nilijiambia hakuna ubaya. Huo ndio upumbavu wangu wa kwanza. Katika kazi hii rasimu haitoki mlangoni mpaka mwenye tasnifu aweke sahihi, na nimewafokea vijana wengi kwa kosa hilo hilo. Lakini nilikuwa nimeshiba emping na maneno matamu, nikamwachia.

Wiki mbili baadaye Danar alikuja kusoma. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya kunakili, akapitia sura ya kwanza, ya pili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika ya tatu akaacha kutikisa.

"Mbak, hii ni nini?"

"Sura ya tatu."

"Naona. Hili jina. Kila mahali hili jina."

"Nimefungua ibid zako."

"Zifunge."

"Mtindo wa mabano hauna ibid, Mas. Wilaya ndio wametaka mabano, si mimi."

Alivuta kiti karibu, akashusha sauti. "Mbak nisikilize. Jopo litakuwa na wazee watatu wanaojua kusoma. Watafungua sura ya tatu, wataona mwanamke wa kijijini mara arobaini. Wataniuliza, bwana Danar, na wewe umeandika nini?"

"Na wewe uliandika nini?"

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Pak Wignyo akasimamisha panga. Danar aliwaka masikio, kisha akatulia, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Niliandika tasnifu," alisema. "Nilisoma nadharia, nilipanga hoja, nilipata alama za juu. Sikuiba, Mbak. Jina lake nililiweka. Kule lilikuwepo, chini na nyuma."

"Basi na hapa liwepo."

"Litakuwepo. Tuseme ni mazungumzo binafsi. Mara moja tu, mwanzo wa sura: yanayofuata yanatokana na mazungumzo na wafanyakazi wa zamani. Mabano, Ngatinah, mazungumzo binafsi. Basi. Hayo mengine ondoa."

Hapo nikajua kwamba mwongozo wa mtindo wa marejeo alikuwa ameusoma, na ameusoma vizuri. Mazungumzo binafsi ni barua, simu, maneno ya kinywa. Unayataja ndani ya matini tu. Kwenye orodha ya nyuma hayaingii, kwa sababu msomaji hana pa kwenda kuyatafuta. Angemtaja bibi kwa mkono mmoja na kumfuta kwa mwingine, na mtindo ungemtetea.

"Mazungumzo hayana kurasa mia na arobaini na mbili," nikamwambia. "Hayana kichwa, hayana tarehe. Ule ni mswada usiochapishwa, na mswada usiochapishwa unaorodheshwa. Mwongozo wako huohuo unasema, soma mstari wa chini."

"Nani ataenda kuutafuta Klaten, ndani ya mfuko wa mbolea?"

"Mimi nilikwenda."

"Wewe unalipwa kwenda."

Ningeweza kumwambia achukue kurasa zake aondoke. Nimewahi kuwafukuza watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Wilaya wameniuliza ukurasa wa nne uandikwe nini," alisema Danar, sasa kwa upole kabisa. "Ukurasa wa hakimiliki. Nimewaambia tasnifu hii imefanyiwa tafsiri ya kitaalamu, itakuwa aibu jina la mtafsiri lisiwepo. Mtafsiri, Endah Palupi. Si ndiyo jina lako kamili?"

Sitajitetea. Nataka tu mjue nilichokuwa nakitazama. Miaka kumi na tisa nimetafsiri tasnifu zisizohesabika. Kwenye kurasa za shukrani nimesoma wakishukuriwa Mungu, wazazi, wachumba, wapishi wa bweni, na mmoja alimshukuru paka wake aliyemkalia mapajani wakati anaandika. Anaandika nini, na niliyeandika ni mimi? Sijawahi kukuta jina langu mahali popote. Mama yangu alikufa anaamini nauza karatasi. Na huyu alikuwa ananipa ukurasa wa nne, kwenye kitabu chenye jalada, kwenye rafu ya maktaba.

"Palupi kwa herufi moja ya l," nikamwambia.

"Najua," alisema Danar.

Niliondoa mimi mwenyewe, sikumwachia mtu. Moja ilibaki mwanzo wa sura, mazungumzo binafsi, arobaini zikatoka. Yale maneno ya asili niliyoyafuata Klaten yalibaki, lakini sasa yalisemwa na "mfanyakazi mmoja wa zamani". Wagiyah alikohoa ndani ya mbeleko ya mtoto wake, na aliyeyaandika hakutajwa. Kisha nikaenda kwenye orodha. Nilifuta mistari miwili, na Mulyono na Prawirodirja wakasogeleana, nafasi ikajifunga yenyewe. Ukitazama huwezi kujua kwamba mtu aliwahi kukaa pale. Yote haikuzidi nusu saa.

"Umemaliza?" aliuliza Pak Wignyo.

"Nimemaliza."

"Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Wewe kata karatasi zako."

Kwa siku kadhaa hakunitania.

Kitabu kilizinduliwa miezi minne baadaye, asubuhi, kwenye ukumbi wa maktaba ya wilaya. Danar alikuwa ameshapata uhadhiri. Kila kiti kilikuwa na kiboksi cha vitafunio na nakala moja ya kitabu. Nilikaa safu ya nyuma, nikafungua ukurasa wa nne kabla hata sijavua mkoba. Nilikuwepo. Mtafsiri, Endah Palupi. Niseme kweli, moyo ulinidunda kwa furaha, na ulidunda hivyo kwa muda mrefu kiasi cha kunitia aibu hadi leo.

Kisha mtu akakaa kando yangu, na harufu ya kafuri ya sanduku ikanijia. Alikuwa amevaa kebaya ya kijani, nywele amezifunga kwa chanuo.

"Mwanangu," alisema Mbah Ngatinah, "nimekutafuta safu za mbele."

Hakuna aliyemwalika. Alisikia kwa mkuu wa kijiji, akapanda riksha ya jirani. Nilimwamkia, nikainama kuliko heshima inavyodai, ili asinione usoni.

Jukwaani Danar alikuwa anasema kuhusu sauti zisizosikika. Mbah hakumsikiliza. Alichukua kitabu kwa mikono miwili, akakigeuza, akaanza nyuma kama wanavyofanya watu wanaojua wanachokitafuta. Kidole chake kiliteremka kwenye herufi. Kikafika kwa Mulyono. Kikashuka. Prawirodirja. Kikapanda tena. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa, kidole kikarudi palepale.

"Labda ukurasa mwingine," alisema.

Akapitia kurasa zote nane za marejeo, A hadi mwisho, bila haraka, midomo ikisoma. Alipomaliza akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilitambua mwandiko wangu kabla hajaikunjua. Akaiweka juu ya kitabu kilichofunguliwa, mstari kwa mstari, Mulyono juu ya Mulyono. Akatazama muda mrefu.

"Hapa nipo," alisema, akigusa karatasi. "Hapa sipo."

"Mbah," nikasema.

"Wamekosea mitamboni?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ananipa mlango, na nadhani alijua anachonipa. Lakini sikupata uwongo hata huo mdogo.

"Hawakukosea, Mbah. Danar alisema maneno yako yaitwe mazungumzo. Mazungumzo hayaandikwi nyuma."

"Mazungumzo." Alilirudia neno hilo. "Miaka mitatu nilikuwa nazungumza na taipureta."

Watu walipiga makofi. Danar alikuwa anainama jukwaani. Mbah naye akapiga makofi mawili matatu kwa adabu, kisha akaendelea, kwa sauti ileile ya chini:

"Uliponiachia hii karatasi niliwaita wenzangu. Wagiyah, Sarinten, na Poniyem anayebebwa. Nilipika wali wa manjano, nikachinja kuku wawili, tukasoma dua. Nikawasomea hapa, Ngatinah, kati ya Mulyono na Prawirodirja. Wagiyah alilia. Wamekaa nyumbani wananisubiri niwaletee kitabu."

Nilitaka aniapize, anipige kwa kile kitabu mbele ya mkuu wa wilaya. Yeye alikuwa anafunua kurasa, sasa kutoka mbele, taratibu, wa kwanza, wa pili. Wa tatu. Nilijua anakokwenda na sikuweza kumzuia.

Kidole kilisimama.

"Palupi," alisoma. "Endah Palupi. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, Mbah."

Akalisoma tena kimoyomoyo, kama alivyosoma lake siku ile barazani. Kisha akakifunga kitabu, akakiweka juu ya magoti yangu, juu ya kile changu, vikawa viwili.

"Limeandikwa vizuri," alisema. "Hawakukosea hata herufi."

Akaikunja karatasi yake mara nne, akairudisha mkobani. Kiboksi cha vitafunio akakitia humo pia, kwa ajili ya Poniyem. Aliposimama alinishika bega ili apate kuinuka, akauliza treni ya kurudi Yogya ni saa ngapi, nisije nikachelewa.